Msaada: nimwandikieje mpiga picha maelezo ya taa kwa chupa ya pafyumu juu ya akriliki nyeusi?

#1 Asumini_Unguja

Salaam wakuu. Sisi tunauza manukato ya kuchanganya wenyewe hapa Unguja, na sasa tunachapa katalogi. Ukurasa wa mbele utabeba picha kuu ya chupa moja tu, ya mililita 100. Kioo chake ni kinene, hasa kitako, maji yake ni rangi ya kaharabu, kifuniko ni cha dhahabu inayong'aa, na jina letu limechapwa kwa dhahabu moja kwa moja juu ya kioo. Tumekubaliana isimame juu ya kitu cheusi kinachoakisi na nyuma kuwe kweusi.

Mpiga picha yuko Dar, chupa nimempelekea kwa boti. Majaribio yake yamerudi na siyapendi, ila sijui niyakosoeje. Mbavu za chupa zimepotelea kwenye weusi, huoni kioo kinaishia wapi. Usoni kuna pande jeupe la mraba limekalia jina. Na kule chini taswira ya chupa inaonekana mbilimbili, kama zimepandana. Nilipomwambia akajibu kistaarabu tu: "Dada, niandikie taa unayoitaka, mimi nitaifuata." Nimeandika hivi, naomba mnikague kabla sijatuma:

"Mwanga uwe laini na wa kifahari, chupa ing'ae na ionekane ya thamani. Kusiwe na mwako mkali. Taswira ya chini iwe safi."

#2 KiboPiksi

Dada usijisumbue. Mwambie softboksi mbili, moja kila upande kwa nyuzi 45, f/11, ISO 100, na filta ya polaraiza ya kuua mwako. Hiyo ndiyo taa ya bidhaa yoyote ile.

#3 FundiKioo

Bidhaa yoyote isipokuwa kioo, Kibo. Kwa sanduku la sabuni nakubaliana na wewe.

Asumini, hayo maelezo yako hata mimi ungenitumia ningekurudishia. "Kifahari" hakuna taa ya jina hilo. Kioo hakishiki mwanga kama kitambaa au karatasi, kinaonyesha kile kilichokizunguka. Lile pande jeupe usoni siyo mwako wa bahati mbaya, ni softboksi yenyewe unaiona, pembe zake nne zote. Mbavu zimepotea kwa sababu kila ubavu unapotazama kuna giza, na nyuma yake pia giza. Kwa hiyo unapoandika, acha kuanza na taa. Anza na chupa: ubavu wa kushoto nione nini, uso nione nini, maji yaweje, kifuniko kiweje, chini kuweje. Mpiga picha mwenyewe ataamua taa ikae wapi ili hayo yatokee.

Kabla sijasema zaidi nijibu mambo matatu. Uso wa chupa ni bapa kabisa au umetuna? Hicho cheusi alichokiweka chini ni kitu gani hasa? Na kamera ilikuwa juu kiasi gani?

#4 RendaBoy

Unatumia Blender ya ngapi? Weka IOR ya kioo 1.5, maji ya pafyumu kama 1.36, halafu Cycles uongeze idadi ya miruko ya mwanga, la sivyo kitako kitakuwa cheusi. Taswira mbilimbili inatokana na unene wa meza yako, futa uso wa chini.

#5 Asumini_Unguja

RendaBoy, hii ni chupa ya kweli, kaka, siyo ya kompyuta 😄

Fundi, nina chupa nyingine hapa mkononi. Nimeweka rula usoni, inayumba kushoto na kulia, kwa hiyo umetuna kidogo. Kutoka juu kwenda chini rula imetulia. Nimempigia mpiga picha: chini aliweka kioo cha meza cha kawaida juu ya karatasi nyeusi. Kamera anasema ilikuwa inaangalia chupa kutokea juu, "kama mtu aliyeketi mezani".

#6 FundiKioo

Safi sana, rula imemaliza kazi. Na RendaBoy kapatia bila kujua: unene wa meza ndio mchawi.

Tuanze na hapo chini. Kipande cha kioo kina nyuso mbili, wa juu na wa chini, na kila mmoja unarudisha taswira yake. Karatasi nyeusi iliyo chini yake haizuii huo wa pili, kwa sababu kati ya kioo na karatasi pana hewa. Ndiyo maana unaona vitako viwili vimeachana kidogo. Akriliki nyeusi ya kung'aa haina tatizo hilo, mwanga ukishapenya unamezwa na weusi wa ndani, unabaki na taswira moja inayoanzia pale pale kitako kinapogusa. Mafundi wa mabango wanauza vipande, sentimita 60 kwa 90 inatosha. Ngozi ya plastiki inayoikinga asiibandue mpaka dakika ya kupiga, kwa sababu ikishabanduliwa inavuta vumbi kama haina akili. Aifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, asitumie spiriti wala dawa ya madirisha, inaweza kuitia nyufa ndogondogo.

Halafu kamera ishuke. Ukiitazama akriliki kutoka juu kwa nyuzi 45 inarudisha kama asilimia 5 tu ya mwanga, ndiyo maana taswira inakuwa hafifu. Ukishuka mpaka nyuzi 10 juu ya meza inafika karibu asilimia 40. Akriliki ni ile ile na taa ni zile zile, kilichobadilika ni kimo cha kamera tu. Kamera ikiwa sentimita 80 kutoka kwenye chupa, nyuzi 10 maana yake lenzi iko kama sentimita 14 juu ya akriliki. Hilo liandike, maana ndilo linaloamua picha yako ina taswira au haina.

Sasa mbavu. Kwenye weusi, kioo huchorwa kwa mistari myeupe. Karatasi mbili za tresing za wachora ramani, au vitambaa vyeupe vya kupenyeza mwanga, zisimame kushoto na kulia nyuma kidogo ya chupa, nje ya picha, na taa ziwe nyuma ya hizo karatasi. Kila ubavu utaonyesha karatasi yake. Ukiisogeza karatasi nyuma zaidi mstari unakuwa mwembamba, ukiileta mbele unapanuka kuelekea usoni. Urefu wake uzidi chupa mara tatu au nne na ishuke mpaka kwenye akriliki. Ikiishia juu, mstari utakatika kabla ya kufika kwenye kitako, na hapo ndipo macho ya mteja yanapokwama bila kujua kwa nini.

#7 MamaUdi_Mombasa

Hamjambo wanangu. Mimi nauza mafuta ya udi na miski, vichupa vidogo, napiga kwa simu juu ya kioo cha kujitazama. Yangu nayo taswira haigusi chupa, kuna mwanya, kichupa kama kinaelea hewani. Nilidhani ni simu.

#8 FundiKioo

Mama shikamoo. Si simu. Kioo cha kujitazama kimepakwa fedha kwa nyuma, kwa hiyo taswira yako inaanzia kule nyuma, na chupa imekaa juu ya uso wa mbele. Mwanya unaouona unatokana na unene wa kioo. Akriliki nyeusi itakutibu na wewe. Kwa vichupa vidogo hata kigae cheusi cha sakafu chenye mng'ao kinafaa, ila kichague kisicho na mawimbi.

#9 KiboPiksi

Sawa, nimeelewa ya softboksi. Lakini polaraiza siiachi. Nimepiga vitu vingi vya kung'aa, inasafisha.

#10 FundiKioo

Inasafisha kweli, na ndiyo hofu yangu. Kamera ikiwa kama nyuzi 34 juu ya akriliki, polaraiza ikizungushwa vizuri inaweza kuifuta taswira yote ya chupa, wakati sisi taswira tunaitafuta. Kwa nyuzi 10 haitaifuta yote lakini itaila sehemu kubwa. Na kile unachotaka kukisafisha, yaani mng'ao wa chuma, polaraiza haikigusi. Mistari ya mbavu nayo inaweza kufifia, inategemea umeizungusha vipi. Ukitaka kuijaribu, ifunge na uizungushe ukitazama skrini, utaona mwenyewe ukifika wapi chupa inakosa miguu.

#11 KiboPiksi

Nitajaribu wikendi. Sijakubali bado 😅

#12 DukaMtandao255

Samahani, kwani picha kuu si lazima iwe na nyuma nyeupe kabisa, RGB 255, 255, 255? Amazon walinikatalia yangu.

#13 FundiKioo

Hiyo ni sheria ya Amazon kwa picha ya kwanza ya bidhaa. Huyu anachapa katalogi yake mwenyewe, anaweza kuweka hata zambarau. Ila ujue kwenye nyeupe kila kitu kinageuka, kioo kinachorwa kwa mistari myeusi badala ya myeupe, taa inatoka nyuma na pembeni unaweka kadi nyeusi. Fungua uzi wako tutakuja.

Asumini, bado maji, kifuniko na jina. Maji kwanza. Kaharabu mbele ya weusi ni nyeusi tu, haina kitu cha kupitisha. Nyuma ya chupa iegemezwe kadi ndogo iliyokatwa kwa umbo la chupa, ndogo kidogo kuliko chupa yenyewe ili isichungulie pembeni, iinamishwe ipokee mwanga kutoka kwenye taa moja ya nyuma na kuurusha mbele kupitia kwenye maji. Atajua imekaa vizuri akiona maji yanawaka na kitako kinene kinashika utepe wa rangi. Ikichungulia ataona mstari mweupe mkavu sambamba na ubavu, basi aipunguze kwa mkasi. Aangalie na kwenye akriliki, kadi huwa inajificha nyuma ya chupa halafu inaonekana kwenye taswira.

Kifuniko ni rahisi zaidi. Mviringo wa dhahabu unahitaji mkanda mmoja mpana wa mwanga na ukingo mweusi kila upande, bila huo weusi kinaonekana cha plastiki ya njano. Zile karatasi zako mbili zitafanya kazi hiyo, akiona zimekimeza kizima aweke vipande viwili vya kadi nyeusi.

Jina ndilo litakalowagombanisha. Dhahabu iliyochapwa inaonyesha kilicho mbele yake, na sisi tumeweka giza mbele ili uso uwe safi. Kwa hiyo herufi zitatoka nyeusi au kahawia iliyokufa. Ukiweka kadi nyeupe karibu na lenzi, herufi zinawaka palepale, kwa sababu dhahabu inarudisha sehemu kubwa ya mwanga na kioo kinarudisha asilimia 4 hivi tu. Hiyo asilimia 4 lakini inatosha kupaka ukungu usoni. Dawa ni kupiga mara mbili bila kugusa kamera wala chupa: moja bila kadi, moja na kadi, kisha kwenye Photoshop anachukua herufi peke yake kutoka ile ya pili.

#14 MamaUdi_Mombasa

Kadi ya nyuma niliwahi kutia karatasi ya dhahabu ya zawadi. Ilipendeza mpaka basi. Kisha mteja wa Muscat akanirudia, mafuta aliyoyapokea ni mepesi kuliko ya picha, yamechujwa? Nikapata kazi ya kueleza.

#15 KiboPiksi

Mama hapo ni picha ya tangazo, kila mtu anajua imepambwa. Dhahabu inaleta joto. Nyeupe inafanya maji yaonekane kama chai ya rangi.

#16 FundiKioo

Mimi natumia nyeupe, au fedha isiyong'aa sana. Dhahabu inabadilisha rangi ya bidhaa, na kwenye pafyumu rangi ni sehemu ya kinachouzwa. Lakini najua studio zinazotumia dhahabu kila siku na wateja wao hawana malalamiko. Asumini aamue na familia yake.

#17 Asumini_Unguja

Baba kasema nyeupe, mambo ya Muscat yamemtisha 😂. Nimeandika upya, tazameni:

"Chupa isimame juu ya akriliki nyeusi ya kung'aa, nyuma kweusi. Lenzi iwe chini, kama nyuzi 10 juu ya akriliki, taswira ya chupa ionekane moja tu, ikianzia kitako kinapogusa. Ubavu wa kushoto uwe na mkanda mweupe mpana unaofifia taratibu kuelekea usoni. Ubavu wa kulia uwe na mstari mwembamba, mkali. Yote miwili ianzie kwenye mabega ya chupa na ifike kwenye kitako bila kukatika. Uso uwe mweusi na safi, isionekane taa, dirisha wala mtu. Maji yawake kutoka nyuma kwa kadi nyeupe, rangi ibaki ya kweli, kadi isionekane pembeni wala kwenye taswira. Kifuniko kiwe na mkanda mmoja wa mwanga na kingo nyeusi pande zote mbili. Jina ling'ae lote, herufi zipigwe kwenye picha ya pili na ziunganishwe."

#18 FundiKioo

Sasa mtu anaweza kufanya kazi. Nina marekebisho mawili. "Unaofifia taratibu" hautokei wenyewe. Taa ikiwa katikati ya karatasi na mbali nayo, mkanda wote utakuwa mweupe sawasawa, kama bati. Mwambie taa ya kushoto aisogeze karibu na karatasi, kwenye upande wake wa nyuma, ili mwanga uwe mkali kule nyuma na uishe ukija mbele. La pili, "uso uwe mweusi" ongeza "mpaka pale mkanda wa kushoto unapoishia", la sivyo atakata kwa kadi na utapata mpaka mkavu.

Na mrija wa ndani hukuutaja. Unaonekana?

#19 Asumini_Unguja

Unaonekana, tena umepinda kama ndoana.

#20 RendaBoy

Kwenye renda ningeufuta tu 😎

#21 FundiKioo

Ipo mirija inayotengenezwa ipinde mwanga sawa na pafyumu, ikizama haionekani, lakini yako ni ya kawaida. Kama shingo imebanwa kwa mashine usijaribu kuifungua, utaharibu chupa. Kama haikubanwa, azungushe pampu yote mpaka mpindo uelekee kwenye lenzi, kwa mbele utaonekana mstari ulionyooka. Kinachobaki afute kwenye Photoshop. Uandike: mrija unyooke katikati au usiwepo.

#22 Asumini_Unguja

Wakuu, jaribio jipya limekuja. Akriliki kaipata kwa fundi wa mabango, chupa ni ya kweli sasa, mbavu zinaonekana, kitako kimeshika rangi. Ila nyuma ya chupa kuna mstari wa kijivu umekata picha kutoka kushoto mpaka kulia. Yeye anasema ni kawaida.

#23 FundiKioo

Hapo akriliki inaishia. Juu ya mstari ni pazia la nyuma, chini yake ni taswira ya pazia hilo hilo ndani ya akriliki. Likiwa jeusi kweli, mstari hauonekani kwa sababu weusi umekutana na weusi. Ukiuona kijivu ujue pazia linapigwa na mwanga unaovuja kutoka kwenye zile taa mbili za nyuma. Kuna njia rahisi ya kuhakikisha, azime taa moja moja, mstari utafifia kwa ile inayovuja. Kisha asimamishe kadi nyeusi kati ya taa hiyo na pazia, na pazia alirudishe nyuma mita moja na nusu au zaidi kutoka kwenye chupa. Asijaribu kuuondoa kwa kuinua kamera, utapoteza taswira.

#24 KiboPiksi

Au auache. Mimi naupenda huo mstari, unaipa chupa mahali pa kukaa. Picha nyingi za pafyumu za Dubai zina mstari, tena wanauwashia mwanga wa buluu kabisa.

#25 FundiKioo

Ukiwa umekusudiwa, sawa, lakini basi uwe laini na usipite shingoni, unakata kichwa cha chupa. Huo wa Asumini umepita wapi?

#26 Asumini_Unguja

Shingoni 🙈

#27 MpangaKurasa

Mimi ndiye ninayepanga hiyo katalogi, Asumini kanitumia uzi. Ombi langu moja: taswira ya chini mnayoisifu inakula theluthi ya ukurasa na hapo ndipo ninapoweka bei na maandishi. Naomba ikatwe nusu au ififie mapema.

#28 FundiKioo

Apige nzima. Kufifisha utafanya wewe kwenye faili, ila ikipigwa hafifu hakuna mtu wa kuirudisha. Mwombe picha aiache na nafasi chini, taswira yote mpaka mwisho wa kifuniko na sentimita kadhaa za weusi.

#29 MpangaKurasa

Nikiififisha kwa mkono inaonekana ya kubandika. Ningependa ifike imeshafifia.

#30 FundiKioo

Inaonekana ya kubandika ukiififisha kwa mstari ulionyooka kutoka asilimia 100 hadi 0. Iache kamili kwenye kitako, ianze kushuka baada ya hapo. Lakini kama unataka ifike tayari, kuna njia: ainue kamera mpaka nyuzi 15 hivi, nguvu ya taswira itashuka kutoka asilimia karibu 40 hadi 25. Itapungua yote kwa pamoja lakini, haitafifia kuelekea chini. Hayo ni mambo mawili tofauti, chagueni.

#31 Asumini_Unguja

Nimemwambia apige zote mbili, ya nyuzi 10 na ya nyuzi 15, na ahamishe pazia kwanza. Akriliki imeshapata mkwaruzo, anatafuta kipande kingine. Nikipata nitaweka hapa.

#32 KiboPiksi

Nimejaribu polaraiza kwenye kigae cheusi. Fundi, kwa kamera ya juu taswira imefutika kweli, yote. Kwa chini ilibaki, na kwa jicho langu maji yalionekana safi zaidi kuliko bila filta. Naweka picha jioni tubishane vizuri.